Grafu ya mwaka mzima inasema seva imetulia, kumbe ilikuwa inahema

Wateja wengi diski ikianza kujaa metriki za zamani wanatuambia tuifinye ile data, iliyokuwa ya kila sekunde 15 iwe ya kila saa, basi. Sawa tunafanya, ila kwanza tunauliza hiyo saa moja mnataka ibaki na namba gani? Manake wengi wanaweka wastani tu, na wastani ndo unaofukia kilele.

Chukua seva moja inayopimwa CPU kila sekunde 15, kwa saa ni sampuli 240. Dakika 56 iko 20%, dakika 4 inapanda 96% na watumiaji wanalalamika mambo yanavuta. Wastani wa saa hiyo? Kama 25%. Finya tena upate wa siku nzima, saa zingine zote zikiwa 20%, unabaki na 20.2% hivi. Miezi sita baadaye bosi anaangalia grafu anasema hii seva kubwa mno tupunguze, na kwa grafu ile huna cha kumbishia.

Kwa hiyo sisi kila saa tunatunza namba nne, yaani kilele, jumla, idadi ya sampuli, na idadi ya sampuli zilizovuka 80%, kwenye Prometheus zinatoka hivi:

```
max_over_time(cpu[1h])
sum_over_time(cpu[1h])
count_over_time(cpu[1h])
sum_over_time((cpu > bool 80)[1h:15s])
```

Saa yetu ya mfano inatoa 96, 6016, 240 na 16. Jumla na idadi tunazitunza kila moja peke yake kwa sababu wastani wa wastani unadanganya, kuna saa seva ilizima na ina sampuli 40 tu, haiwezi kuhesabiwa sawa na yenye 240.

Ile ya nne ndo wengi hawana, na mimi naipenda kuliko zote. Kilele peke yake nacho kina uongo wake: bakapu ikigusa 99% kwa sampuli moja, kwenye grafu inaonekana mbaya kuliko zile dakika 4. Ila hesabu ya zilizovuka 80% inasema 1, siyo 16. Ukiona hiyo 16 inakuwa 30 halafu 50 mwezi baada ya mwezi, hapo ndo unaanza kupanga seva nyingine, hata kama wastani haujasogea.

Halafu dashibodi. Mwaka una saa 8,760, skrini haitoshi, kwa hiyo ukivuta mwaka mzima Grafana inaomba nukta chache na Prometheus inarukaruka, inachukua zilizoangukia kwenye hatua tu. Kilele ulichokitunza vizuri kinapotea mlangoni. Iandike hivi:

```
max_over_time(cpu_max_1h[$__interval])
```

Na kama data yenu ya zamani ilishafinywa kwa wastani na ile ghafi ikafutwa, vilele vyake havirudi kwa hesabu yoyote, tunaweza kuanza kuvitunza kuanzia siku tunayowawekea tu.