Mwaka mpya wa Wachina haurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna sentensi mliiandika kwenye habari ya sikukuu ya Wachina na mimi nimeona nisiiache ipite. Mliandika kwamba mwaka mpya wa Wachina unabadilika tarehe kwa sababu wanafuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi, ndo maana kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Mwanzo ni kweli kabisa, ila mwisho sio, na huo mwisho ndo ulioniumiza mimi mwenyewe.

Nauza vifaa vya umeme Kariakoo na mzigo wangu mwingi unatoka Guangzhou. Sisi wa biashara hii hiyo sikukuu inatuhusu kuliko watu wanavyodhani, viwanda vinafunga, mafundi wanarudi mikoani kwao, ukichelewa oda yako inakaa wiki tatu mpaka mwezi. Sasa mwaka 2024 sikukuu ilikuwa Februari 10, mwaka 2025 ikawa Januari 29, nikatoa siku kumi na moja kama hivyohivyo mlivyoandika nyie, nikapata Januari 18 mwaka 2026. Nikajipanga nikasema mwanzoni mwa Februari watakuwa wameshafungua, hapo ndo natuma oda. Natuma naambiwa kaka, huku watu ndo wanafungasha mabegi, sikukuu ni Februari 17. Mzigo wa kabla ya Pasaka nikaukosa wote.

Ndo nikaanza kutafuta kwa nini, nikauliza, nikasoma, nikakaa na kalenda zao mbili tatu mezani. Na swali lililonifungua macho ni hili, kama kweli inarudi nyuma kila mwaka, mbona hatujawahi kusikia mwaka mpya wa Wachina umeangukia mwezi wa sita? Ramadhani tunaijua, tunafunga kwenye joto la Januari, miaka inapita tunafunga kwenye baridi ya Julai, inazunguka misimu yote kwa miaka kama thelathini na tatu hivi, kwa sababu kalenda ya Kiislamu ni miezi kumi na miwili na haikubali kuongezwa mwezi. Ya Wachina haizunguki, iko palepale kati ya Januari 21 na Februari 20 au karibu sana na hapo. Kwa hiyo lazima kuna kitu kinaishika.

Kinachoishika ni jua. Yaani wanafuata mwezi na jua vyote viwili kwa pamoja. Miezi yao inaanza siku ile mwezi unapopita kati ya dunia na jua, hauonekani kabisa, na miezi kumi na miwili ya hivyo inafika siku 354 au 355, wakati jua linataka 365 na robo. Hapo ndo siku kumi na moja zinatoka. Lakini pembeni wana hesabu nyingine, wameikata safari ya jua ya mwaka mzima vituo kumi na viwili vilivyo sawa, kila kituo digrii 30, na kila mwezi unapata namba yake kwa kituo kilichoangukia ndani yake. Mwezi wa kwanza kwa kawaida ni ule wenye kituo wanachokiita maji ya mvua, ambacho kinaangukia Februari 18 au 19. Ukishajua hilo tu, mengine yanajipanga yenyewe.

Twende kwenye mwaka wangu ulionitesa. Kwa saa za Beijing, mwezi mmoja ulianza Januari 19, 2026, na mimi kwa hesabu yangu ya kutoa kumi na moja nilikuwa nimeufikia uleule kasoro siku moja, kwa hiyo mwezi nilioulenga upo kweli angani, sikuubuni. Tatizo ule mwezi uliisha Februari 16, na kituo cha maji ya mvua kilikuwa Februari 18. Umekikosa kwa siku mbili! Basi ule ukabaki kuwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa zamani, na uliofuata, ulioanza Februari 17, ndo ukabeba kituo, ndo ukawa mwezi wa kwanza. Mwaka uliopita wake ukawa na siku 384, miezi kumi na tatu.

Huo wa kumi na tatu uliingizwa wapi? Hapa ndo pazuri. Kutoka kituo hadi kituo ni siku kama 30 na nusu hivi, mwezi wenyewe ni 29 na nusu, kwa hiyo vituo vinasogea mbele taratibu ndani ya miezi mpaka siku moja unapatikana mwezi ambao hauna kituo hata kimoja. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulianza Juni 25 ukaisha Julai 24, na ndani yake kilikuwepo kituo cha joto kuu, Julai 22. Uliofuata ulianza Julai 25 ukaisha Agosti 22. Kituo kingine, cha joto kukoma, kilikuwa Agosti 23 alfajiri, siku ileile mwezi mwingine ulipoanza. Wao wanaangalia siku, hawaangalii saa, kwa hiyo kituo kikahesabiwa kwa mwezi mpya, na ule wa katikati ukabaki mtupu. Mwezi mtupu hawaupi namba yake, wanarudia ya uliotangulia, kwa hiyo 2025 walikuwa na mwezi wa sita mara mbili. Inatokea mara saba katika kila miaka kumi na tisa. Ndo maana sikukuu inarudi nyuma mara moja au mara mbili mfululizo halafu inaruka mbele kama siku kumi na tisa.

Na hizo saa za Beijing sio urembo. Mwaka 2007 mwezi ulipita kwenye jua Beijing ikiwa usiku wa manane umepita robo saa hivi, tayari Februari 18, wakati Hanoi ilikuwa bado Februari 17 saa tano usiku, basi Vietnam wakasherehekea siku moja kabla ingawa kanuni ni ileile.

Kwa wenzangu wa Kariakoo, njia ya haraka ni kurudi miaka kumi na tisa. Sikukuu ilikuwa Januari 29 mwaka 1987, Januari 29 mwaka 2006, Januari 29 mwaka 2025. Mara nyingi unapata tarehe ileile au unakosea kwa siku moja. Ila usiiamini kwa macho yaliyofumba, 1985 ilikuwa Februari 20 na 2004 ikawa Januari 22, hapo unakosa mwezi mzima, kwa hiyo kabla hujatuma hela angalia kalenda yenyewe. Ijayo ni Februari 6, 2027, halafu Januari 26, 2028.

Kwa hiyo Mhariri naomba muisahihishe ile sentensi, na mkiweza mchapishe na hizo tarehe mbili, maana watu wanaanza kupanga oda toka mwezi wa kumi.

Mfanyabiashara,
Kariakoo, Dar es Salaam