Kwa nini mhusika wako anateleza anapotembea

Wateja wengi wanaotuletea gemu zao hulalamikia jambo moja: mhusika anatembea vizuri kwenye Blender, lakini akiingizwa kwenye gemu anaonekana kama amekanyaga sakafu yenye sabuni. Animesheni yenyewe haina kosa. Mwendo wa mwili unaamuliwa na kodi ya gemu, mwendo wa nyayo unaamuliwa na animesheni, na hakuna aliyevilinganisha.

Mhusika anayetembea papo hapo bila kusogea mbele hurudisha nyuma mguu uliokanyaga. Kasi ya mguu huo ndiyo kasi ambayo mwili unapaswa kwenda mbele. Mwili ukizidi, wayo unaburuzwa kwenda mbele. Mguu ukizidi, wayo unateleza kinyumenyume. Weka kijiti ardhini kando ya wayo, cheza taratibu, utajua upande upi umezidi.

Kupima ni rahisi. Ndani ya Blender, tafuta fremu ambazo wayo wote umelala chini. Usipime kisigino kinapogusa tu, kwa sababu hapo kifundo bado kinazunguka. Chagua mfupa wa wayo, bonyeza `Shift+S`, kisha `Cursor to Selected`, usome namba ya Y kwenye paneli ya `N`, sehemu ya `View`. Tuseme fremu ya 4 inasoma -0.15 na fremu ya 10 inasoma 0.20. Mguu umesafiri mita 0.35 kwa fremu 6. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.25, kwa hiyo kasi ni mita 1.4 kwa sekunde. Kama kodi inamsukuma mhusika kwa mita 2 kwa sekunde, basi katika nusu sekunde ambayo mguu uko chini, wayo unaburuzika sentimita 30. Hakuna mchezaji asiyeliona hilo.

Kwenye Godot 4, baada ya `move_and_slide()`, andika:

```gdscript
var v = get_real_velocity()
$AnimationPlayer.speed_scale = Vector2(v.x, v.z).length() / 1.4
```

Tumia kasi halisi, siyo ile uliyoiomba; la sivyo mhusika aliyekwama ukutani ataendelea kupiga hatua. Ukipunguza ukubwa wa mhusika kwa nusu, 1.4 nayo inakuwa 0.7. Hili husahaulika sana.

Lakini katika mfano wetu mgawo ni 1.43, na miguu itatetema kama ya kuku. Sisi hatupendi mgawo utoke nje ya 0.8 hadi 1.2. Zaidi ya hapo, refusha hatua au tengeneza animesheni ya kukimbia polepole.

Na kama namba zimelingana lakini wayo bado unaruka na kusita ndani ya hatua moja, kagua `Graph Editor`. Mkunjo wa kawaida wa Blender huanza polepole na kumaliza polepole, ilhali ardhi haifanyi hivyo. Chagua keyframe za kipindi ambacho wayo uko chini, bonyeza `T`, weka `Linear`.