Kioo hakifungi joto: mchoro wa sanduku la jua urekebishwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi ulichapisha mchoro wa sanduku lenye kifuniko cha kioo, jua likiingia kwa mishale ya njano, na mishale myekundu ikipanda kutoka chini, ikigonga kioo na kurudi yote. Chini yake paliandikwa kwamba kioo "hufungia joto ndani". Mchoro kama huo umo hata kwenye vitabu vya shule, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili inamfanya mwanafunzi ashindwe hesabu yenyewe, na fundi anayetengeneza kaushio la mboga akose mahali pa kutafuta kasoro. Naomba nafasi nieleze.

Nusu iliyo kweli ni hii. Nguvu nyingi ya jua huja kwa mawimbi mafupi, chini ya maikromita 3, na kioo cha dirisha cha milimita 4 hupitisha takriban asilimia 85 yake. Bamba jeusi la chini ya sanduku likipata moto nalo hutoa mionzi, lakini kwa mawimbi marefu, kilele chake kikiwa karibu na maikromita 8, na hayo hayapenyi kioo. Kwa mawimbi hayo kioo ni kama ubao.

Hili unaweza kulihakikisha kwa kipimajoto cha mionzi, kile cha umbo la bastola. Tumia cha mafundi, maana kile cha kupimia homa kipajini hakipandi hadi joto la sanduku. Kielekeze kwenye bamba kupitia kioo na kitasoma, tuseme, nyuzi 55. Funua kioo upesi, elekeza palepale, nacho kitaruka hadi karibu nyuzi 100. Mara ya kwanza hakikuliona bamba kabisa, kilikuwa kinasoma kioo chenyewe. Wengi huishia hapo hapo kukosea: hupima joto la sanduku kupitia kifuniko, kisha hulalamika kwamba sanduku ni bovu.

Kosa la mchoro liko kwenye mishale inayorudi. Kioo hakirudishi mionzi hiyo kama kioo cha kujitazamia. Hurudisha kidogo tu, na iliyobaki hukinywa, kikapata moto, kisha chenyewe kikatoa mionzi kwa pande mbili, juu angani na chini kwa bamba. Na nishati yote inayoingia hutoka. Lau isingetoka, joto lingepanda bila kikomo, na hakuna sanduku la jua lililowahi kufanya hivyo. Linapanda mpaka linafika mahali linatulia. Hapo palipotulia ndipo penye msawazo: wati zinazoingia ni sawa na wati zinazotoka. Kifuniko kinachofanya ni kulilazimisha bamba liwe la moto zaidi ili kiasi kilekile cha wati kipate njia ya kutokea.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni saa sita mchana, Dar es Salaam, anga haina wingu, hewa ina nyuzi 30 na upepo ni wa mita 2 kwa sekunde. Jua linashusha wati 900 kwa kila mita ya mraba. Kioo kinapitisha 765, rangi nyeusi ya bamba inanyonya asilimia 92 ya hizo, kwa hiyo bamba linapata takriban wati 700. Wengi husahau kwamba anga nayo inatoa mionzi ya mawimbi marefu. Hewa ya pwani yenye unyevu mwingi inashusha takriban wati 400 kwa mita ya mraba, usiku na mchana.

Hesabu ya darasani huanza kwa kudhani joto husafiri kwa mionzi peke yake. Kanuni ni ya Stefan na Boltzmann:

M = σT⁴, ambapo M ni wati zinazotolewa kwa kila mita ya mraba, σ = 5.67 × 10⁻⁸, na T ni kelvini (nyuzi za sentigredi ukiongeza 273).

Anza juu, kwenye kioo, si kwenye bamba. Ukianza chini utakuwa na vitu viwili usivyovijua kwa mkupuo. Kinachotoka upande wa juu wa kioo lazima kiwe sawa na vyote vilivyoingia kutoka nje: 700 na 400, yaani 1100. Hapo T ya kioo inakuja kelvini 373, sawa na nyuzi 100. Sasa shuka kwenye bamba. Linapokea 700 za jua pamoja na 1100 ambazo kioo kinatoa upande wake wa chini, jumla 1800. T yake inakuja kelvini 422, karibu nyuzi 149. Bila kioo, likipata 700 zilezile za jua, bamba lingetoa 1100 tu na kukaa nyuzi 100. Wanafunzi huuliza hizo 1100 za kwenda chini zimetoka wapi, kana kwamba nishati imezuka. Haikuzuka. Bamba linatoa 1800 kwenda kwenye kioo na kurudishiwa 1100, tofauti ni 700, zilezile zilizotoka kwenye jua.

Hesabu hii ni safi, ila ukitengeneza sanduku hutaziona hizo nyuzi 149. Imesahau upepo na hewa. Tuirudie sasa kwa kuvihesabu.

Upepo wa mita 2 kwa sekunde unakwangua kwenye uso wa juu takriban wati 13 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ambayo uso huo umeizidi hewa. Kati ya bamba na kioo hewa imetulia, inabeba takriban wati 4 tu kwa kipimo hichohicho. Ukiviingiza hivyo, na ukikumbuka kwamba kioo hutoa asilimia 88 ya mionzi ambayo kitu cheusi kabisa kingetoa na bamba asilimia 95, kioo kinatulia kwenye nyuzi 62 na nusu. Kati ya zile wati 700, upepo unachukua 420 na mionzi ya angani 280. Bamba linatulia kwenye nyuzi 116, likipeleka kwenye kioo wati 486 kwa mionzi na 214 kwa hewa.

Sasa liweke bamba lilelile nje bila kifuniko, na ili tulinganishe, lipewe wati 700 zilezile. Upepo unaligusa moja kwa moja nalo linakwama kwenye nyuzi 61. Kisha, mahali pa kioo, fikiria kifuniko kinachopitisha jua vilevile na kuzuia upepo, lakini kinayaacha mawimbi marefu yapite. Nailoni nyembamba inakaribia tabia hiyo. Bamba linafika nyuzi 87.

Tazama hatua hizo: 61, 87, 116. Kuzuia upepo peke yake kumeongeza nyuzi 26, na kuzuia mawimbi marefu kumeongeza nyingine 29. Kwa hiyo anayesema kioo hufanya kazi kwa kuzuia mionzi tu amekosea, na anayemjibu kwamba kazi yote ni ya kuzuia upepo amekosea vilevile. Mgawanyo unategemea joto. Mionzi hukua kwa kipeo cha nne, hivyo kadiri bamba linavyopata moto ndivyo kuzuia mawimbi marefu kunavyolipa zaidi.

Hapa ndipo hesabu inapomfaa fundi. Nyuzi 116 ni za sanduku lisilovuja joto chini wala ubavuni. La kweli, tuseme la sentimita 60 kwa 60 na kimo cha sentimita 10, lililozungushiwa maranda makavu ya sentimita 5, hupoteza huko takriban wati 150 kwa kila mita ya mraba ya bamba. Zinabaki 550 za kupita juu. Kioo kinashuka hadi nyuzi 55 na bamba hadi karibu 100. Ukipata kati ya 95 na 100 umefanya kazi nzuri.

Ukipata 75, usikimbilie kulaumu kioo. Mara nyingi hewa inavuja kwenye ukingo. Washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kuzunguka fremu huku sanduku likiwa limeinamia jua. Upande wa chini moshi utavutwa ndani, upande wa juu utasukumwa nje, na hapo ndipo pa kuziba kwa silikoni au ukanda wa mpira. Kama udi hautikisiki, shika maranda: yakiwa na unyevu yanapitisha joto kwa wepesi. Mbao mbichi nayo hutoa mvuke unaoganda kwa ndani ya kioo, na matone hayo hutawanya jua, huku sehemu ya nishati ikiishia kukausha mbao badala ya kupasha bamba. Liache sanduku juani siku mbili tatu, kioo kikiwa wazi kidogo, ndipo upime. Mwisho tazama kioo kwa ubavu. Ukingo wa kijani kibichi ni dalili ya madini ya chuma, na hayo hunywa sehemu ya jua kabla halijaingia.

Wakulima wa kitalu nyumba wasichukue tarakimu hizi kama zilivyo. Kwenye nyuzi 35, udongo na majani hutoa takriban wati 510 na anga ya pwani inarudisha 400. Tofauti ni 110 tu, na sehemu kubwa ya jua inakwenda kuvukiza maji ya mimea. Mchana, kioo na nailoni havipishani sana, na kinachotawala ni ukubwa wa madirisha ya kutolea hewa. Tofauti huonekana usiku, nyanda za juu kama Njombe au Nyandarua, anga ikiwa kavu na wazi. Nailoni ya kawaida huyaacha mawimbi marefu ya mimea yaende zake, na hewa ikiwa imetulia, ndani kunaweza kuwa baridi kidogo kuliko nje. Matone ya umande yakitanda chini ya nailoni hali hubadilika, kwa sababu maji, kama kioo, huyazuia mawimbi hayo.

Kwa mchoro wenu naomba marekebisho matatu. Mshale wa 700 uingie na mishale ya jumla ya 700 itoke juu, 280 ya mionzi na 420 ya upepo. Kutoka kwenye kioo ichorwe mishale ya mawimbi marefu ya juu na ya chini pia. Na neno "hufungia" liondolewe, paandikwe "hupunguza njia za joto kutoka".

Mwalimu wa fizikia,
Dar es Salaam