Kununua malighafi Kariakoo hakuifanyi kuwa ya Afrika Mashariki

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi waliowaandikia wanalaumu maofisa wa forodha kwa kuwanyima cheti cha uasili wa bidhaa. Nami nilinyimwa mwaka jana, lakini nilipokaa na mafaili yangu niligundua kosa lilikuwa langu.

Karakana yetu ipo Moshi. Tunatengeneza viti vya chuma, na mteja wetu wa Taveta, Kenya, aliagiza 120. Kwa thamani ya oda hiyo hatukuweza kutumia cheti rahisi cha mpakani, kwani kinaishia dola 2,000. Bila cheti, mteja angetozwa ushuru wa pamoja ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza bidhaa za nje, ambao kwa fanicha ni asilimia 35 tangu Julai 2022.

Kanuni za uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zina jedwali la masharti ya kila bidhaa. Kwa bidhaa nyingi, mojawapo ni kwamba malighafi ya kigeni isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Mimi niliandika, kwa kila kiti: bomba la chuma shilingi 24,000, sponji 9,000, kitambaa 6,000, rangi na vifaa vya kulehemu 5,000. Jumla 44,000. Kiti kikifika Taveta ni 66,000, kwa hiyo nikapata asilimia 67 na kujiona nimepita.

Afisa akaniuliza bei ya kiti kikiwa bado mlangoni kwangu. Ni 60,000, maana 6,000 ni nauli. Hesabu ikawa asilimia 73.

Nilipobisha kwamba vitu vyote nilinunua Kariakoo, akanionyesha risiti zangu. Zilisema nililipa nani na kiasi gani, wala hazikusema kitu kilitengenezwa wapi. Malighafi usiyoweza kuthibitisha asili yake huhesabiwa ya kigeni, kwa bei ya kwanza inayojulikana kulipwa hapa nchini.

Kumbe ile sponji ilitoka kiwanda cha Dar es Salaam. Kemikali zake zinaagizwa nje, lakini kuzigeuza kuwa sponji ni kazi inayoipa uasili wa hapa. Nilikifuata kiwanda, wakanipa tamko la maandishi lenye namba ya ankara. Tukaondoa 9,000, malighafi ya kigeni ikabaki 35,000, yaani asilimia 58. Kiti kilekile, bei ileile, na cheti kikatoka. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepita, na mteja alishanunua 40 kwingine.

Ombi langu ni kwa viwanda na maduka ya jumla: toeni tamko la asili pamoja na ankara, siku ileile ya mauzo. Fundi mdogo hana uwezo wa kusafiri hadi Dar kulifuata baada ya mzigo kuzuiwa. Hata bomba la Kenya au Uganda lingehesabika kama la kwetu, mradi karatasi yake ituambie hivyo.

Mwenye karakana,
Moshi