Taarifa ya Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei kwa Mkutano Mkuu wa Parokia: Barua Tuliyompa Paroko Mpya

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, makatekista, viongozi wa vigango na jumuiya, mababa, akina mama na vijana, poleni kwa safari. Najua waliotoka ng'ambo ya bonde wameondoka nyumbani giza bado halijaisha.

Mapato na matumizi atayasoma mhasibu baada yangu, na karatasi zimebandikwa mlangoni tangu Jumapili iliyopita. WAWATA na VIWAWA wana taarifa zao. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo limesemwa sana barabarani kuliko humu ndani, nalo ni barua ambayo halmashauri ilimkabidhi Paroko wetu mpya alipofika. Wapo waliosikia kwamba tuliwasema waamini kwa padre, na wengine wameambiwa kwamba tulimpangia kazi. Barua ile nitaieleza hapa ilivyo, na nakala yake iko kwa katibu kwa anayetaka kuisoma mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Ilijaa "karibu" na "hongera", ikasema parokia ina amani, waamini wana moyo wa kujitoa na changamoto ni za kawaida. Katekista mmoja wa siku nyingi aliisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Hii ni barua ya Paroko au ni risala ya kipaimara?" Tukaanza upya. Ni kweli kwamba kisheria halmashauri yetu ina sauti ya kushauri tu, uamuzi ni wa Paroko. Lakini anayeshauri kwa kuficha hajashauri kitu, na padre mgeni asipoambiwa na kikao ataambiwa na mtu mmoja mmoja jioni, kila mmoja na upande wake.

Jambo la kwanza tuliloandika ni hesabu ya Jumapili. Tuna kituo cha parokia na vigango 8, padre ni mmoja, na paroko msaidizi hatuna. Sheria ya Kanisa inataka padre aadhimishe Misa moja kwa siku. Kwa uhaba wa mapadre askofu anaweza kumruhusu mbili, na Jumapili au sikukuu hadi tatu pale ambapo mahitaji ya waamini yanalazimu. Zaidi ya tatu hapana, hata padre awe na nguvu za namna gani. Misa ya parokiani haiachwi, kwa hiyo zinabaki mbili. Mtu akiwa amekaa kwenye kiti atagawa 8 kwa 2 na kusema kila kigango kitapata Misa kila baada ya wiki 4. Hesabu hiyo imesemwa katika mikutano mingi ya nyuma, na ndiyo iliyozaa maneno kwamba mapadre wanapendelea vigango vya karibu na lami.

Barabara haikubali hesabu hiyo. Vigango 5 viko karibu, na viwili kati ya hivyo vinawezekana kwa Jumapili moja. Vile 3 vya ng'ambo, padre akienda kimoja, siku imekwisha: anamaliza Misa ya asubuhi parokiani, anashuka bondeni, anapanda, anafika waamini wakiwa wamesubiri tangu saa 4, na kurudi ni jioni. Kwa hiyo vya ng'ambo vinakula Jumapili 3, vya karibu vinakula Jumapili 3, na mzunguko mzima ni wiki 6. Ondoa sikukuu, semina na safari za jimboni, kigango kinabaki na Misa 7 au 8 kwa mwaka. Mvua zikianza Desemba hadi Aprili, udongo mwekundu tunaoujua sote hapa Mufindi unageuza zamu ya kigango cha ng'ambo kuwa simu ya saa 2 asubuhi: "Baba, daraja halipitiki." Zamu hiyo hairudishwi. Inasubiri mzunguko mwingine, na hapo ndipo watu wanakaa miezi mitatu bila Ekaristi.

Jumapili nyingine zote ni katekista na Ibada ya Neno. Katekista anaweza kuongoza ibada, kufundisha na kuzika. Katika hatari ya kifo anaweza kubatiza, na kwa kweli hapo mtu yeyote anaweza. Lakini Kitubio na Mpako wa Wagonjwa ni vya padre peke yake, na huko ng'ambo ndiko wazee wetu wengi wanakokatia roho. Tuliliandika hili bila kumlaumu padre yeyote aliyetangulia, maana tuliona wenyewe walivyorudi wamelowa.

Tukatoa na pendekezo. Misa ya Jumamosi jioni inatosha kwa wajibu wa Jumapili. Paroko akishuka ng'ambo Jumamosi mchana, akaungamisha, akaadhimisha Misa kabla ya giza, akalala hapo hapo, asubuhi atatembelea wagonjwa na kuwahi parokiani kwa Misa ya saa 5 badala ya saa 1. Kwa mpango huo Misa ya ng'ambo haitaila tena Jumapili nzima, vigango vya karibu vitapata zamu zaidi, na mzunguko unaweza kushuka hadi wiki 4 kiangazi. Masika hatukuahidi kitu.

Hapo tukalazimika kuandika na lisilopendeza. Kati ya vigango vile 3, kimoja tu kina chumba cha kulala mgeni. Vingine viwili padre atalala kwenye stoo ya mahindi, na anayejua baridi ya huku Juni na Julai anajua kwamba ukuta wa mbao zenye nyufa na blanketi moja si mapokezi. Baba Paroko amekubali kujaribu na hicho kimoja kwanza.

Jambo la pili ni vitabu. Wengi walishangaa kwa nini barua ya kukaribisha inazungumzia daftari, basi nieleze kwa kisa kilichotukuta mwaka huu.

Binti aliyebatizwa katika kigango chetu kimoja sasa anaishi Dar es Salaam na alitaka kufunga ndoa. Parokia ya huko ikamwambia, kama inavyotakiwa, alete cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni kutoka alikobatizwa. Cha zamani hakitoshi, kwa sababu kitabu cha ubatizo hakiandikwi siku moja kikafungwa. Pembeni ya jina la mtu huongezwa kipaimara chake, na ndoa yake popote atakapofungia, kwa taarifa inayotumwa na parokia ya huko. Cheti kipya ndicho kinachoonyesha kama mtu yuko huru. Binti akaandika Iringa, maana alikumbuka jimbo letu la zamani, na barua ikazunguka hadi kutufikia. Jimbo la Mafinga limeundwa Desemba 2023 na watoto wetu walioko mbali wengi hawajazoea. Vitabu havikuhama, viko hapa parokiani, waambieni waandike hapa.

Tukafungua kitabu. Jina halimo. Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa, padre alibatiza kigangoni, na katekista wa wakati huo aliandika majina kwenye daftari la shule ili yahamishiwe kwenye kitabu kikubwa. Hayakuhamishwa. Daftari lenyewe lilipatikana kwenye sanduku la bati la marehemu katekista, chini ya koti lake, kona zimeliwa na panya. Ukurasa wa siku ile una majina ya watoto, lakini safu ya wazazi imeondoka na meno. Kilichomwokoa binti ni mama yake wa ubatizo, ambaye bado yu hai. Sheria inaruhusu ubatizo uthibitishwe kwa tamko la shahidi mmoja mwaminifu kama hakuna mwingine anayedhurika. Bibi alipanda hadi ofisini kwa miguu, akasema aliyoyaona, akaweka dole gumba, na cheti kikatoka. Angekuwa amefariki tungekuwa na shughuli nyingine.

Tulimwandikia Paroko kwamba binti huyu si peke yake, na kwamba asiamini vitabu vyetu kwa unene wake. Afungue ukurasa wowote wa miaka ya nyuma aangalie safu ya pembeni. Ikiwa watu wazima wa kurasa nzima hawana hata kipaimara kilichoandikwa, ajue taarifa hazikuwa zinaingizwa, na asitoe cheti kinachosema mtu yuko huru kabla ya kuuliza jumuiya yake.

La tatu ni zaka, na hili ndilo lililoleta maneno barabarani. Tuliandika kwamba zipo jumuiya ambazo kadi ya zaka imekuwa kitu cha kwanza kuulizwa palipo na msiba. Tuliandika pia kwamba wapo bibi zetu walioacha kuja jumuiya, imani wanayo, ila wanaona aibu ya deni. Wajumbe wawili walitaka sentensi hiyo itoke. Haikutoka, kwa kura. Zaka ni wajibu na mimi nitaendelea kuidai, ila Kanisa hilo hilo linaagiza kwamba maskini asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kiongozi wa jumuiya anayemzuilia mgonjwa padre kwa sababu ya kadi amejipa mamlaka ambayo hata Paroko hana.

Upande wa pili wa sarafu tuliuandika pia. Posho ya makatekista imechelewa karibu mwaka mzima, na debe la mahindi la kila kaya baada ya mavuno lililetwa na vigango vitatu tu. Watu hao hao ndio tunaowaachia Jumapili zetu nyingi.

Kuhusu ulanzi tuliweka mstari mmoja: msimu wa kugema mafundisho ya kipaimara yahamishiwe asubuhi, kwa sababu mchana hata walimu hawaonekani. Hilo halina haja ya maelezo.

Baba Paroko aliisoma barua, akakaa nayo siku kadhaa, kisha akatuita. Alikubali Jumamosi za ng'ambo na ukaguzi wa vitabu. Kuhusu zaka alisema atasikiliza kwanza jumuiya zenyewe. Nyumba yake inayovuja jikoni hatukuiandika, akaiuliza yeye. Fundi ameshapanda juu.

Yaliyobaki kwenu ni haya. Vigango viwili vya ng'ambo vilete mpango wa chumba kabla ya Pasaka. Tofali mnafyatua wenyewe, mabati parokia itachangia nusu. Kila kigango kitafute madaftari ya zamani ya ubatizo, yakiwemo yaliyoko majumbani kwa makatekista waliofariki, na kuyaleta ofisini yalivyo. Msiyanakili upya nyumbani, maana mwandiko wa siku ile ndio ushahidi. Hoja ya zaka itafunguliwa baada ya taarifa ya mhasibu, na atakayesimama ataje jumuiya yake kwanza ili katibu aandike.