YAH: MALALAMIKO KUHUSU SH. 200,000 ZILIZOFICHWA NDANI YA FEDHA ZILIZOSHIKILIWA

Mwanjelwa, Mbeya
14 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Malipo ya Wafanyabiashara.

Ndugu Meneja,

Duka letu huuza kahawa ya Mbozi kwa wateja wanaolipa mtandaoni kupitia mfumo wenu. Nalalamikia taarifa ya malipo ya wiki ya tarehe 30 Juni hadi 6 Julai.

Mauzo ghafi ni sh. 4,000,000, na hapo hatuna ubishi. Ada yenu ya asilimia 3 ni sh. 120,000, na VAT ya asilimia 18 juu ya ada hiyo ni sh. 21,600. Mteja mmoja wa Dar es Salaam tulimrudishia sh. 200,000, nazo zimeonekana kwenye marejesho. Ada ya mauzo yale hamkuirudisha, lakini mkataba unasema hivyo na tuliusaini.

Tatizo ni mstari wa `Holds`. Mkataba unawaruhusu kushikilia asilimia 10 ya mauzo ghafi kwa siku 90, yaani sh. 400,000. Ninyi mmeandika sh. 600,000, bila namba ya muamala wala maelezo. Ndiyo maana benki tumepokea sh. 3,058,400 badala ya sh. 3,258,400.

Ziada hiyo ni sawasawa na fedha tuliyomrudishia yule mteja. Nilipobana kwa simu, mhudumu wenu alikiri kwamba mteja huyo alikuwa pia amefungua pingamizi la malipo hayo kwenye benki iliyompa kadi. Kwa hiyo kahawa moja inatukata mara mbili: kwenye marejesho, na tena kwenye pingamizi.

Fedha za aina hizi mbili hazipaswi kukaa mstari mmoja. Ile asilimia 10 ya dhamana hurudi yenyewe siku zake zikitimia. Ya pingamizi hairudi mpaka muuzaji apeleke ushahidi, na benki hutoa muda mfupi wa kujibu. Ukipita, fedha imekwenda. Mfanyabiashara anayesoma taarifa yenu atadhani zote zinamsubiri, kumbe sehemu yake inapotea akiwa amekaa kimya. Hili limeniumiza kuliko hata kiasi chenyewe, kwa sababu huu ni msimu wa mavuno na wakulima wanataka fedha mkononi.

Naomba mambo mawili yafanyike kabla ya Ijumaa, tarehe 18 Julai. Kwanza, pelekeni benki uthibitisho wa marejesho, pamoja na namba yake ya kumbukumbu ambayo mnayo ninyi, kisha mturudishie sh. 200,000 pingamizi likifungwa. Nijulisheni pia siku ya mwisho ya kujibu. Pili, kuanzia taarifa ijayo, kila pingamizi liwe na mstari wake wenye namba ya muamala, na kila fedha ya dhamana iandikwe tarehe ya kuachiliwa.

Nimeambatanisha taarifa ya wiki hiyo, taarifa ya benki na risiti ya marejesho.

Wako,
Mmiliki wa duka