Kwa Rukia, kuhusu ile linki

Columbus, Ohio
8 Februari 2026

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Habari za Houston, habari za Salim na watoto? Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna. Mama Zuhura amerudi salama kutoka Tanga na mzigo wako anao, nitakueleza siku nyingine. Leo nimekaa kukuandikia kwa sababu ya ile linki ya mchezo wa kasino wa kwenye simu uliyonitumia Jumanne.

Uliituma saa tisa usiku. Ukaandika: "Jisajili, si kamari, ni sarafu za bure, na mimi nitapata chochote." Nimekaa nayo siku tano bila kukujibu, na najua umenuna. Lakini Rukia, nilisoma masharti yake mpaka chini kabisa. Hicho chochote chako hakiji nikijisajili. Kinakuja nikishanunua. Wanataka niingize kadi yangu ndipo wewe upewe chako.

Sikuwahi kukwambia kwamba mimi nimepita huko. Mwaka juzi, nilipokuwa nalala kwa yule bibi ninayemtunza, nilipakua mchezo wa sloti kwenye simu. Haukuwa kama huo wako. Ule haulipi hata senti, unacheza sarafu za kwenye simu tu na huwezi kuzigeuza pesa. Nikajiambia, mchezo usiolipa una hatari gani? Siku ya kwanza nilipewa sarafu milioni mbili, zikanitosha usiku mzima. Nilipofika ngazi ya 90, dau la chini kwenye mashine mpya lilikuwa nusu milioni. Milioni mbili zilezile zikawa mizunguko minne.

Halafu kuna kibubu. Cha nguruwe, kimekaa pembeni ya kioo, kila ukizungusha kinadondokewa na sarafu na kinanenepa. Siku nimeishiwa, saa kumi za usiku, bibi anakoroma chumba cha pili, kikaanza kutikisika na kung'aa. Nikakigusa. Kikaniambia kukivunja ni dola 4.99. Unakumbuka kibubu chetu cha udongo kwa Bi Mwanaidi, tulichokivunja kwa jiwe siku ya kuamkia Idi? Nani alitutoza kuvunja kibubu chetu? Na mimi nililipa. Miezi minne baadaye nikachukua taarifa ya benki na kalamu nyekundu, nikajumlisha vile vi-4.99 na vi-9.99. Dola 386. Hakuna hata siku moja niliyohisi nimetumia pesa nyingi.

Sasa tuje kwenye huo wako, maana umenieleza kwenye simu kwamba wenyewe unalipa, kwa hiyo ni tofauti. Ni kweli unalipa. Nilikaa na kijana mmoja anayesomea sheria, akanieleza vizuri. Kwa sheria za huku, kamari ni kigoda cha miguu mitatu: umelipia kucheza, umetegemea bahati, unaweza kupata zawadi. Mchezo wangu ulikata mguu wa zawadi. Wako umekata mguu wa kulipia. Ndiyo maana una sarafu za aina mbili. Unanunua GC, ambazo hazina thamani yoyote, na SC unapewa "zawadi" juu yake. SC moja ndiyo inayobadilishwa kuwa dola moja. Kwa karatasi, hujanunua SC hata siku moja. Lakini niambie kweli, Rukia, ukilipa dola 20, unazitazama zile GC au unazitazama SC 20?

Na ili wasiambiwe wanauza, lazima waweke njia ya bure. Ipo. Unaandika kwa mkono kwenye kadi, maneno yaleyale walivyoyapanga, bahasha moja ombi moja, stempu ya senti 78, kisha unasubiri wiki kadhaa upate SC chache. Ukikosea neno, imetupwa. Kitufe cha kununua kinachukua sekunde mbili.

Nimefanya hesabu yako ya dola 20, naomba uifuate pole pole. Umepewa SC 20. Masharti yanasema uzizungushe walau mara moja kabla ya kutoa, hilo si gumu. Tuseme mashine inarudisha 95 kwa kila 100. Ukicheza nusu SC kila mzunguko, ndani ya mizunguko 40 umezimaliza zote mara moja na kwa wastani umebaki na 19. Dakika nne au tano hizo. Hapo ungeweza kutoa ukaondoka umepoteza dola moja tu. Lakini uliniambia mwenyewe kwamba hawatoi chini ya SC 100. Kwa hiyo huwezi kuondoka na 19 zako. Lazima uendelee mpaka zifike 100 au ziishe. Hata mashine ingekuwa ya haki kabisa, isiyokula chochote, anayeanza na 20 hufika 100 mara moja katika tano. Hii inakula, kwa hiyo ni chini ya hapo. Wale wengine wanne wanaishiwa, na papo hapo ofa inatokea kwenye kioo: leo tu, nusu bei. Ile ofa yako ya "saa moja imebaki", ilikuja ukiwa na sarafu ngapi?

Usidhani naona haya peke yangu. Kesi ya Big Fish Casino, mchezo usiolipa kama ule wangu, ilifika mahakama ya rufaa mwaka 2018. Majaji wakasema kwa sheria za jimbo la Washington zile sarafu ni kitu chenye thamani, kwa sababu bila sarafu huwezi kuendelea kucheza. Mwaka 2020 kampuni zilizohusika zikakubali kulipa dola milioni 155 kuyamaliza. Na hii ya SC, Montana waliipiga marufuku mwaka jana, na California sheria yao imeanza tarehe 1 Januari mwaka huu. Wewe uko Texas, bado unaingia. Ndiyo hofu yangu.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni yule dada wa VIP anayekuandikia kwa niaba ya mchezo. Ulisema kwa furaha, "Ananijua kwa jina, amenitumia SC za siku yangu ya kuzaliwa." Rukia, mtu wa namna hiyo hapangiwi anayecheza za bure. Anapangiwa anayenunua sana. Alikuandikia lini, ulipokuwa umekaa siku ngapi bila kuingia?

Na linki narudi kwake tena, samahani. Umemtumia nani mwingine? Mdogo wako wa Dallas unaye kwenye orodha? Zile dola 300 ulizoniomba Desemba, ulisema za gari, zilikuwa za gari? Sitakudai, nataka kujua tu. Kwenye akaunti yako kuna sehemu ya historia ya manunuzi. Utaifungua ukiwa peke yako, ujumlishe, halafu unipigie hata kama ni usiku? Kadi yako umeihifadhi humo, unaweza kuifuta leo? Salim anajua? Na ukitaka wakufungie akaunti kabisa, nikuandikie barua pepe ya kuwaomba, uitume kwa jina lako, au unataka tuiandike pamoja Jumapili kwenye simu?

Wako,
Mwanahawa